Wadudu wa Nyufani: Jinsi Ugonjwa wa Chagas Unavyoingia Nyumbani, na Jinsi Wanakijiji wa Jutiapa Walivyouzibia Njia

Kusini-mashariki mwa Guatemala, karibu na mpaka wa El Salvador, kuna mkoa unaoitwa Jutiapa. Vijijini huko nyumba nyingi zimejengwa kwa matofali mabichi ya udongo, au kwa fito zilizofungwa na kukandikwa tope, kwa namna ambayo mtu wa Singida au Kitui angeitambua mara moja. Udongo ukikauka hupasuka. Ndani ya nyufa hizo, mchana kutwa, hujibana mdudu bapa mwenye rangi ya kahawia iliyokoza, urefu wake kama sentimita 3, pembeni mwa tumbo ana mabaka ya rangi ya chungwa na nyeusi yanayopokezana. Taa zikizimwa, hutoka kutafuta damu.

Wataalamu humwita Triatoma dimidiata. Ni mmoja tu katika ukoo mkubwa wa wadudu wanyonya damu, wenye aina zaidi ya 150, nyingi zikiwa za Amerika, na hapa nitawaita wote triatoma. Baadhi yao hueneza ugonjwa wa Chagas, ambao kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani umo mwilini mwa watu wapatao milioni 7, walio wengi wakiwa Amerika ya Kusini na ya Kati. Wengi wao hawajui kama wanao.

Nimeichagua Jutiapa kwa sababu pale swali gumu la ugonjwa huu lilijitokeza waziwazi. Dawa ya kuua wadudu ilipulizwa, wadudu wakafa, kisha wakarudi. Katika nchi hiyohiyo, dawa ileile ilimfuta kabisa mdudu mwingine wa ukoo uleule aliyekuwa akiishi kwenye mapaa ya nyasi. Ili kuelewa kwa nini mmoja alishindwa na mwingine akarudi, inabidi kwanza tumjue mdudu mwenyewe.

Maisha ndani ya ufa

Triatoma hana maisha ya kiluwiluwi wala ya buu. Kutoka kwenye yai hutoka mdudu mdogo anayefanana na mama yake, ila hana mabawa. Atajivua gamba mara tano kabla hajawa mkubwa, na kila mara lazima kwanza ashibe damu. Hakuna hatua ya maisha yake anayoishi kwa kitu kingine. Tunutu wa juzi na mzee mwenye mabawa wote wanakula chakula kimoja. Kwa Triatoma dimidiata safari hiyo huchukua takriban mwaka mzima, na zaidi kama damu ni adimu. Akikosa chakula anaweza kukaa miezi kadhaa bila kufa. Kwa hiyo kufunga nyumba na kuhama kwa wiki chache hakumsumbui hata kidogo.

Kinachomfaa katika ufa ni kubanwa. Anapenda mgongo na tumbo lake viguse kitu, mahali pawe pakavu, penye giza na karibu na mwenye damu. Ufa wa ukuta ulio kando ya kitanda unampa vyote hivyo. Tunutu wa aina hii wana hila ya ziada: hujipaka vumbi mwilini mpaka wanafanana kabisa na udongo waliokalia. Mkaguzi anaweza kumulika tochi juu yao asiwaone. Mtu asishangae basi kusikia nyumba imekaguliwa na kuonekana safi, na baada ya wiki mbili mtoto akaamka ameumwa.

Usiku hutembea kwa kufuata joto la mwili na hewa tunayoitoa puani. Mara nyingi huuma usoni, kwa kuwa uso ndio sehemu isiyofunikwa na blanketi. Mate yake yana kemikali za kutia ganzi na za kuzuia damu isigande, hivyo anaweza kunyonya kwa dakika 10 hadi 25 bila mlalaji kushtuka. Anaingia akiwa bapa kama punje ya kunde iliyopondwa, anaondoka tumbo limemjaa kiasi cha kushindwa kukimbia.

Hatari haimo mdomoni mwake

Hapa ndipo watu wengi hukosea, hata wale waliokwisha kusoma habari za ugonjwa huu. Mbu huambukiza malaria kwa mate yake. Mbung'o huambukiza malale kwa mate yake. Triatoma haambukizi kwa mate. Kimelea cha Chagas, Trypanosoma cruzi, ambacho ni ndugu wa kile cha malale, huishi katika utumbo wa mdudu na kutoka na kinyesi chake. Mdudu akishiba hupunguza uzito kwa kujisaidia, mara nyingine akiwa bado juu ya ngozi ya mtu. Kisha mtu, usingizini, anajikuna. Kidole kinauchukua unyevu ule na kuupeleka kwenye kidonda kidogo cha kuumwa, au kwenye jicho, au mdomoni. Ngozi nzima isiyo na mchubuko haipitishi kimelea.

Aliyekigundua kimelea hiki ni daktari Mbrazili, Carlos Chagas. Alikuwa ametumwa Lassance, katika jimbo la Minas Gerais, kupambana na malaria iliyokuwa ikiwaangusha wafanyakazi wa reli. Huko akaonyeshwa wadudu wanaouma watu usoni usiku, akawapasua, akaona vimelea tumboni mwao. Akawapeleka wadudu wengine Rio de Janeiro kwa mwalimu wake Oswaldo Cruz, na nyani wadogo walioumwa nao wakaugua. Tarehe 14 Aprili 1909 aliviona vimelea hivyo katika damu ya mtoto wa miaka miwili aitwaye Berenice. Chagas mwenyewe alidhani mdudu anaambukiza kwa kuuma. Mwaka 1912 Mfaransa Émile Brumpt alionyesha kuwa njia ni kinyesi.

Kwa bahati njema, njia hii ni dhaifu. Watafiti waliokokotoa uwezekano huo walikadiria kwamba mtu huambukizwa mara moja kati ya kuumwa mara 900 hadi 4,000 na wadudu wenye kimelea. Mtu aliyeumwa mara moja hana sababu ya kukata tamaa. Lakini fikiria mtoto anayelala miaka 10 kando ya ukuta wenye wadudu kadhaa, kila mmoja akirudi kula baada ya wiki moja au mbili. Hesabu hiyo inatimia kimyakimya. Chagas ni ugonjwa wa makazi: hauletwi na mdudu aliyepita njia tu, unaletwa na kulala naye nyumba moja mwaka hadi mwaka.

Zipo njia nyingine ambazo ni kali zaidi ingawa hutokea mara chache. Mdudu akisagwa pamoja na matunda au miwa, kinywaji kinaweza kuambukiza watu wengi kwa siku moja. Ndivyo ilivyotokea mwaka 2007 katika shule moja ya Chacao, Caracas, ambako juisi ya mapera iliwaambukiza watu zaidi ya 100. Mama mjamzito anaweza kumwambukiza mtoto tumboni, na damu ya kuongezewa ikiwa haikupimwa inaweza kubeba kimelea. Kuuma kwa mdudu hakuhusiki kabisa katika njia hizo.

Ugonjwa unaojificha

Wiki moja au mbili baada ya maambukizi, mwili hupata homa, uchovu, pengine tezi kuvimba. Mara nyingi dalili ni nyepesi mno kiasi cha kudhaniwa mafua. Kwa baadhi, pale kimelea kilipoingilia huota uvimbe mwekundu mgumu. Kama kiliingilia jichoni, kope za jicho moja huvimba na kuwa za zambarau bila maumivu makali. Uvimbe huo wa jicho moja tu ni ishara ambayo mhudumu wa afya wa vijijini Amerika ya Kusini hufundishwa kuitafuta. Lakini walioambukizwa wengi hawaupati.

Baada ya miezi miwili hivi homa huisha. Vimelea karibu vyote huondoka katika damu na kujificha ndani ya misuli, hasa ya moyo. Kuanzia hapo mtu anaweza kuishi miaka 10, 20 au 30 akilima, akizaa, akicheza mpira, bila dalili yoyote. Walio wengi hubaki hivyo mpaka kufa kwao kwa sababu nyingine. Berenice mwenyewe aliishi zaidi ya miaka 70, na vimelea vilikuwa bado vikipatikana katika damu yake uzeeni, moyo wake ukiwa haujadhurika.

Si kila mtu hupata bahati hiyo. Hadi theluthi moja ya walioambukizwa hupata madhara ya moyo. Nyaya za umeme wa moyo huharibika, mapigo yanaparaganyika, misuli inalegea na moyo kutanuka. Wengine hupata kiharusi kwa sababu damu huganda ndani ya moyo uliolegea na kipande kikapanda hadi kwenye ubongo. Wengine hufa ghafla shambani, na ndugu hawatajua kamwe chanzo. Takriban mtu 1 kati ya 10 hupata shida ya tumbo: umio hutanuka na chakula hakishuki, au utumbo mpana hutanuka na mtu hukaa siku nyingi bila kupata choo.

Vipimo navyo hubadilika kulingana na wakati. Katika wiki za mwanzo vimelea huonekana kwa darubini katika tone la damu. Baadaye havionekani, hivyo hospitali hutafuta kingamwili, na kanuni ni kutumia vipimo viwili vya aina tofauti kabla ya kumwambia mtu kuwa anao. Kipimo kimoja pekee hakitoshi.

Dawa zipo mbili, benznidazole na nifurtimox, zote za zamani. Benznidazole hunywewa kwa kawaida siku 60, na madhara yake, hasa vipele na ganzi ya miguu, huwafanya baadhi ya watu wazima waache kabla ya kumaliza. Ikitolewa mapema kwa aliyeambukizwa karibuni, au kwa mtoto mchanga aliyezaliwa nao, huponya karibu kila mmoja. Msichana aliyetibiwa kabla ya kushika mimba hupunguza sana hatari ya kumwambukiza mwanawe. Akiwa tayari ni mjamzito, matibabu huahirishwa. Kwa moyo uliokwisha haribika habari si njema. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa benznidazole hupunguza vimelea kwa wagonjwa wa namna hiyo, lakini haikuzuia kwa kiwango cha maana moyo wao usiendelee kudhoofu. Ndiyo maana mimi huona ukuta kuwa jambo la kitabibu kabisa. Kinachoweza kumwokoa mtu wa miaka 50 kilipaswa kufanyika chumbani alikolala akiwa na miaka 5.

Mdudu wa paa na mdudu wa ukuta

Turudi Guatemala. Hadi mwishoni mwa karne iliyopita nchi hiyo ilikuwa na triatoma wawili wa kuogopwa. Wa kwanza, Rhodnius prolixus, alipenda mapaa yaliyoezekwa kwa majani ya minazi na nyasi. Mayai yake huyabandika kwenye jani kwa gundi yake mwenyewe, hivyo jani likikatwa na kusafirishwa, mayai husafiri nalo. Huyu alikuwa mgeni. Asili yake ni Venezuela na Kolombia, na alionekana Amerika ya Kati kwa mara ya kwanza huko El Salvador mwaka 1915. Kwa kuwa alikuwa mgeni, hakuwa na makao msituni; kila Rhodnius wa Guatemala aliishi ndani ya nyumba ya mtu.

Hilo ndilo lililomponza. Kuanzia mwaka 2000, serikali ya Guatemala ikisaidiwa na Japani ilipuliza dawa ya ukoko katika nyumba za mikoa iliyoathirika. Dawa za jamii ya pareto, kama vile deltamethrin, hubaki ukutani na darini na kumuua mdudu anayezikanyaga. Haziui mayai vizuri, hivyo hupulizwa tena baada ya miezi kadhaa ili kuwapata waliototolewa baadaye. Mdudu asiye na kwao pengine akifutwa nyumbani amefutwa moja kwa moja. Mwaka 2008 Guatemala ilithibitishwa kuwa imekatiza maambukizi yaliyokuwa yakiletwa na Rhodnius prolixus.

Triatoma dimidiata alipulizwa dawa hiyohiyo. Idadi yake ilishuka sana, kisha katika baadhi ya vijiji vya Jutiapa ikapanda tena, mara nyingine ndani ya miezi michache. Huyu ni mwenyeji. Anaishi katika mapango, miti yenye mashimo, marundo ya mawe na mashimo ya wanyama. Katika miezi ya kiangazi wakubwa huruka usiku, wakivutwa na taa za nyumba. Nyumba ikiwa na nyufa, mgeni anapata chumba na kuanza kuzaa. Mayai yake hayajabandikwa. Huangukia ndani ya vumbi la sakafu na la ufa, ambako dawa haifiki. Juu ya hayo, ukuta wa udongo huinywa dawa na kuifunika kwa vumbi, kwa hiyo nguvu yake hupungua mapema kuliko ingekuwa kwenye ukuta laini.

Hapo ndipo kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha San Carlos cha Guatemala, wakiongozwa na mwanabiolojia Carlota Monroy, walipoamua kuacha kumfukuza mdudu na kuanza kuitazama nyumba. Waliuliza: nyumba zinazovamiwa tena zina nini ambacho jirani zake hazina? Jibu lilijirudia. Kuta zisizopigwa lipu, au zenye lipu mbovu. Sakafu ya vumbi. Kuku wanaoatamia chumbani. Marundo ya kuni, vigae na mahindi yaliyosogezwa ukutani, na panya waliojificha humo.

Kuku, mbwa na panya

Habari ya kuku inahitaji maelezo, maana inachanganya. Kuku hawezi kubeba kimelea cha Chagas. Damu ya ndege hukiua. Mtu anaweza kusema basi kuku ni kinga. Kinyume chake, kuku ni ghala la chakula. Kuku 6 wanaolala chumbani humlisha triatoma kila usiku bila shida, naye huzaa kwa wingi. Mbwa na panya ndio hubeba kimelea. Weka vyote katika chumba kimoja: kuku wanawaongeza wadudu, mbwa anawapa kimelea, na watoto wanalala katikati. Huko Argentina kaskazini, tafiti za miaka mingi vijijini zilionyesha jinsi mbwa wanaolala ndani wanavyochangia wadudu wenye kimelea kuongezeka.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya Jutiapa haikugharimu fedha nyingi. Kuku walihamishiwa kwenye banda nje, mbali kidogo na ukuta wa nyumba, kwa sababu banda lililoegemezwa ukutani ni sawa na kuwaacha ndani. Kuni zikapangwa juu ya kichanja, mbali na nyumba.

Lipu ya udongo, mchanga, majivu ya volkano na chokaa

Hatua ya pili ilikuwa ukuta. Saruji ni ghali, na kwenye ukuta wa udongo huwa na tatizo jingine: hukauka na kuwa ngumu mno, udongo ulio nyuma yake hutanuka na kusinyaa kwa msimu, na lipu hujitenga na kuanguka. Nyuma ya lipu iliyojitenga kuna nafasi nzuri kuliko ufa wa mwanzo. Watafiti na wanakijiji wakatafuta mchanganyiko kutoka kwa vitu vinavyopatikana palepale: udongo, mchanga, majivu ya volkano na chokaa.

Kanuni yake ni rahisi kuielewa. Mfinyanzi ndio unaoshika, lakini ndio pia unaosinyaa ukikauka na kuleta nyufa. Mchanga hausinyai, kwa hiyo ukiongezwa hupunguza nyufa. Ukizidi, lipu inapukutika kwa kidole. Kila kijiji kina udongo wake, ndiyo maana hakuna kipimo kimoja kinachofaa kila mahali. Njia ya uhakika ni kupaka viraka vichache ukutani, kila kimoja na kiasi tofauti cha mchanga, kuviacha vikauke kabisa, kisha kuvikagua. Kilichopasuka kina mfinyanzi mwingi. Kinachotoa vumbi ukikisugua kina mchanga mwingi. Kilichobaki kizima ndicho cha kutumia.

Sasa tuchukue nyumba moja ya kawaida ya huko, ya matofali mabichi, chumba kimoja cha kulala na jiko. Kwanza vitu vyote hutolewa ndani: vitanda, masanduku, picha na kalenda zilizobandikwa ukutani, kwa sababu nyuma ya karatasi nako wadudu hukaa. Ukuta hufagiliwa na udongo uliolegea kukwanguliwa. Nyufa kubwa hufunguliwa zaidi ili ziweze kujazwa mpaka ndani, kwa maana ufa uliozibwa juu tu huwa chumba kilichofungwa mlango. Ukuta hunyunyiziwa maji. Ukiupaka ukiwa mkavu, hunyonya maji ya lipu na lipu haishiki. Tabaka la kwanza ni nene na la kukwaruza, la kujaza mashimo na mapengo kati ya tofali na tofali. Likikauka na kupasuka kidogo si neno, kwani linafuatwa na tabaka la pili, jembamba, lenye mchanga uliochekechwa na chokaa, linalosuguliwa mpaka uso uwe laini. Rangi ya chokaa humalizia. Ukuta mweupe una faida ya ziada: kinyesi cha mdudu, chenye michirizi myeusi na myeupe, huonekana kwa mbali.

Sehemu zinazosahauliwa ni zilezile kila nyumba. Pale ukuta unapokutana na paa, nyuma ya fremu ya mlango, na kwenye kona ya chini ambako ukuta unagusa sakafu. Sakafu yenyewe iliwekwa mchanganyiko wa majivu ya volkano na chokaa, uliomwagiwa maji na kushindiliwa. Viwili hivyo vikikutana na maji huungana polepole na kuwa kama saruji, tofauti na chokaa pekee ambayo haifikii ugumu huo. Sakafu ya namna hiyo hufagilika, na tunutu aliyejipaka vumbi hana tena vumbi la kujificha.

Kazi kubwa ya kupaka ilifanywa na wenye nyumba wenyewe, na wanawake walikuwa mstari wa mbele. Hilo lilikuwa na maana zaidi ya kuokoa fedha, kwa kuwa aliyeipaka lipu ndiye atakayeona ufa mpya na ndiye anayejua jinsi ya kuuziba.

Matokeo yalipimwa kwa njia ninayoiona ya kuvutia sana. Watafiti walichukua wadudu waliobaki na kuchunguza damu iliyokuwa tumboni mwao. Katika nyumba zilizokarabatiwa, wadudu waliopatikana walikuwa wamekula damu ya binadamu kwa nadra kuliko zamani, na zaidi ya kuku. Yaani mdudu hakutoweka katika kijiji, ila alitengwa na kitanda.

Mpango huu una mipaka yake. Guatemala ni nchi ya matetemeko na mvua kali, na lipu yoyote itapasuka siku moja. Msitu bado una wadudu, wataendelea kuruka kuelekea taa. Nyumba iliyojaa wadudu tayari inahitaji kupulizwa dawa kwanza, kisha kupigwa lipu, vinginevyo wadudu watahamia darini. Sehemu ya Gran Chaco, kati ya Argentina na Bolivia, baadhi ya wadudu wamekuwa sugu kwa dawa za jamii ya pareto, na hapo ukuta mzima unakuwa ulinzi muhimu zaidi.

Kitandani, na mdudu akionekana

Anayeishi au kusafiri katika maeneo hayo kabla nyumba haijakarabatiwa ana njia za kupunguza kuumwa. Kitanda kisogezwe mbali na ukuta, na shuka au blanketi lisiguse sakafu wala ukuta. Chandarua chenye dawa husaidia sana, mradi pindo zake zote zichomekwe chini ya godoro. Kikiacha pengo mdudu atapanda kwa miguu, maana tunutu hawaruki. Chini ya paa la nyasi chandarua kinafaa kuwa na kitambaa kizito juu, kwa sababu wadudu na kinyesi chao huangukia chini. Taa ya mlangoni izimwe, au madirisha yawekwe wavu.

Kwa kujua kama nyumba ina wadudu, bandika karatasi nyeupe ukutani karibu na kitanda na uiache kwa majuma kadhaa. Michirizi ya kinyesi, magamba yaliyovuliwa au vijiyai vyeupe vitasema kabla ya mdudu mwenyewe kuonekana. Akionekana, usimponde kwa mkono mtupu. Mfunike kwa chupa au kopo, mpitishie karatasi chini, na umpeleke kwa mamlaka ya afya ili apimwe utumbo wake. Alipotembea pafutwe kwa maji ya jiki. Mtu akiumwa aoshe ngozi kwa sabuni na asijikune.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki na aliyeko ughaibuni

Chagas hauenezwi na wadudu Tanzania, Kenya wala Uganda. Anayeng'ata usiku katika nyumba za udongo hapa ni kunguni au papasi, na papasi ana homa yake mwenyewe, homa ya papasi, inayokuja na kuondoka na kurudi tena. Huyo pia hukaa katika nyufa na sakafu ya vumbi, kwa hiyo lipu na sakafu ngumu vinamhusu vilevile. Ipo aina moja ya triatoma, Triatoma rubrofasciata, iliyosafiri na panya wa merikebu na sasa inapatikana katika bandari za nchi za joto, vikiwemo visiwa vya Bahari ya Hindi. Kuuma kwake kunaweza kuleta mzio mkali, lakini huku haenezi Chagas.

Kwa waliohamia Marekani hali ni tofauti kidogo. Majimbo ya kusini, Texas na Arizona yakiwemo, yana triatoma wao wa asili, na baadhi wana kimelea. Maambukizi ya watu ndani ya nyumba ni machache kwa sababu kuta hazina nyufa, ingawa mbwa wanaolala nje huambukizwa mara nyingi zaidi. Huko damu ya kuchangia hupimwa Chagas tangu mwaka 2007, na kuna watu waliojua hali yao kwa mara ya kwanza kupitia barua ya benki ya damu. Aliyezaliwa au kukulia vijijini Amerika ya Kusini au ya Kati, au ambaye mama yake alikulia huko, anastahili kuomba kipimo hata kama anajisikia mzima, na mwanamke anayepanga kuzaa aombe kabla hajashika mimba.